Barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima na wakuu wa kampuni za bima ya afya: kikomo cha gharama za kawaida, kama tunavyokiona kutoka Mtwara

Ndugu Kamishna, na nyinyi wakuu wa kampuni zinazouza bima ya afya hapa nchini,

Nawasalimu kutoka Mtwara Mjini. Mahali ninapofanya kazi nimekabidhiwa mafaili ya bima ya wafanyakazi. Mwenzetu akiugua, karatasi zake hupita mikononi mwangu kabla ya kwenda kwenu, na majibu yenu hupita mikononi mwangu kabla ya kumfikia yeye. Kwa hiyo mimi ndiye ninayekaa mbele ya mtu na kumweleza kwa nini hospitali imeandika kiasi hiki na bima imelipa kiasi kile. Ninawaandikia kwa sababu maelezo hayo siwezi kuyatoa ipasavyo, wala hakuna mwingine hapa anayeweza. Mnayo nyinyi, nasi hamjatupa.

Jambo lenyewe ni kifungu kimoja kilichomo katika karibu kila mkataba wa bima ya afya ya kibinafsi. Kinasema kwamba kampuni italipa gharama za kawaida, zile ambazo kwa desturi hutozwa kwa huduma kama hiyo katika eneo hilo, na kwamba kinachozidi kikomo hicho ni juu ya mgonjwa. Mgonjwa akitibiwa katika hospitali yenye mkataba na kampuni, kifungu hiki huwa kimelala, kwa kuwa bei zilishakubaliwa na pande mbili. Huamka anapotibiwa kwenye hospitali isiyo na mkataba, akalipa taslimu, kisha akaomba kurejeshewa. Hapo hakuna bei iliyokubaliwa na mtu yeyote, na kampuni inabaki kujipangia yenyewe kipi ni cha kawaida.

Niwape dai moja kama lilivyokuwa, bila jina la mgonjwa, la hospitali wala la kampuni, kwa sababu sitaki lizungumzwe kama ugomvi wa watu watatu.

Ni Aprili, mvua za masika zikiwa zimekolea. Dada mmoja wa ofisini kwetu, mkazi wa Mikindani, alishikwa na maumivu ya tumbo usiku, upande wa kulia chini. Hospitali iliyomo kwenye orodha ya kampuni ilimpokea na kumpima, ikasema ni kidole tumbo, na kwamba daktari wao wa upasuaji alikuwa safarini. Alihamishiwa hospitali nyingine ya binafsi ambayo haikuwa kwenye orodha. Huko wakataka fedha kabla ya kisu. Mumewe alikopa kwenye kikoba cha mtaani, ndugu wakatuma kwa simu, na alfajiri akafanyiwa upasuaji. Alilala siku tatu akatoka salama.

Bili ilikuwa shilingi 2,480,000. Daktari mpasuaji 900,000, mtaalamu wa usingizi 350,000, chumba cha upasuaji 450,000, kitanda siku tatu 240,000, vipimo 180,000, dawa na vifaa 360,000. Mkataba wetu unasema mfanyakazi huchangia asilimia 10, na hivyo ndivyo alivyoelewa, na hivyo ndivyo tulivyomwambia siku anasaini: bima asilimia 90, wewe asilimia 10. Kwa hesabu hiyo alitarajia kubaki na deni la 248,000.

Jibu la kampuni lilikuja kwenye ukurasa mmoja wenye safu tatu: kilichoombwa, kilichokubaliwa, sababu. Kitanda na vipimo vilipita kama vilivyo. Daktari mpasuaji alikubaliwa 600,000, usingizi 250,000, chumba cha upasuaji 300,000, dawa na vifaa 310,000. Kwenye safu ya sababu, mbele ya kila kilichopunguzwa, ziliandikwa herufi tatu tu: UCR, kifupisho cha Kiingereza cha hizo gharama za kawaida. Hakuna kingine. Jumla iliyokubaliwa ikawa 1,880,000. Halafu ile asilimia 10 ikakatwa kwenye hicho kilichokubaliwa, yaani 188,000, na malipo halisi yakawa 1,692,000. Dada yetu akabaki na 788,000 juu yake, karibu theluthi ya bili nzima.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalijui mpaka liwapate. Asilimia 90 inayotangazwa haihesabiwi kwenye bili ya hospitali. Inahesabiwa kwenye kikomo. Mgonjwa hulipa mchango wake wa asilimia 10, na juu yake hulipa pengo lote lililo kati ya kikomo na bili. Mchango anaujua tangu siku ya kusaini. Pengo halijui hata daktari anayemtibu. Katika dai hili mchango ulikuwa 188,000 na pengo 600,000, kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo ilitoka mahali ambapo hakuna aliyepatazama.

Nilipiga simu kitengo cha madai. Aliyepokea alikuwa mwungwana kabisa. Nikamuuliza hiyo laki sita ya daktari mpasuaji imetoka wapi. Akanijibu, "Kaka, mfumo ndivyo ulivyotoa." Nikamuuliza mfumo umelinganisha na hospitali zipi. Hakujua, na naamini kweli hakujua. Nikaomba kuzungumza na anayejua, nikaambiwa niandike barua pepe.

Waheshimiwa, sisemi kikomo kifutwe. Nimeona bili ambazo zingekuwa aibu kuzilipa: dripu iliyopandishwa bei mara tatu kwa sababu mgonjwa ana kadi, vipimo vilivyorudiwa siku hiyo hiyo bila sababu ya kitabibu. Bima ikilipa kila kilichoandikwa, hospitali itaandika zaidi mwaka ujao, na ada ya bima itapanda kwa wote, pamoja na sisi. Lakini namna kikomo kinavyopatikana ni hesabu, na hesabu inaweza kuonyeshwa. Niieleze kwa mfano, ili wasomaji wengine wa barua hii waone ninachokiomba.

Chukua bili kumi za daktari mpasuaji kwa upasuaji wa kidole tumbo, uzipange kuanzia ndogo hadi kubwa. Tuseme, kwa mfano tu, ni laki nne, nne na nusu, tano, tano na nusu, sita, sita, saba, nane, nane na nusu, na tisa. Kampuni ikisema kikomo ni pale ambapo nusu ya bili zinaishia, inahesabu hadi ya tano na kusimama kwenye laki sita. Ikisema ni pale ambapo asilimia 80 ya bili zinaishia, inahesabu hadi ya nane na kusimama kwenye laki nane. Bili ni zile zile na upasuaji ni ule ule. Mgonjwa aliyetozwa laki tisa atapoteza laki tatu kwa kipimo cha kwanza na laki moja kwa kipimo cha pili. Vipimo vyote viwili vinaitwa gharama za kawaida, na kwenye mkataba wetu hakuna mahali palipoandikwa ni kipi kinachotumika.

Sasa tazama bili hizo zimetoka wapi. Tuseme nne za chini zimetoka hospitali za umma na za mashirika ya dini, ambako baadhi ya watumishi hulipwa mshahara na Serikali na baadhi ya vifaa hutoka kwa wafadhili. Bei yao ni ya chini kwa sababu sehemu ya gharama imeshalipwa na mwingine. Hospitali binafsi inayojilipia kila kitu haiwezi kufika hapo, hata ikiwa na nia njema. Ukiziondoa hizo nne, zinabaki sita, na asilimia 80 ya sita inaangukia bili ya tano, yaani laki nane na nusu. Kikomo kimepanda kwa elfu hamsini, na hakuna bili hata moja iliyobadilishwa. Kilichobadilika ni nani amewekwa kwenye kundi la kulinganisha.

Kwa Dar es Salaam jambo hili lina madhara madogo, kwa sababu bili ni nyingi na mkusanyiko mkubwa hujirekebisha. Kwetu kusini ndiko linakouma. Hospitali binafsi zinazofanya upasuaji wa kulala Mtwara na Lindi ni chache mno. Kampuni moja ya bima inaweza kupitisha mwaka mzima ikiwa imepokea bili chache tu za upasuaji fulani kutoka mikoa hii miwili. Huwezi kupata kawaida ya eneo kutokana na bili mbili au tatu. Kwa hiyo mfumo hufanya moja kati ya mawili: unachukua wastani wa nchi nzima na kuuita wa eneo, au unachukua za Dar es Salaam. Kwenye mkataba imeandikwa "katika eneo hilo", lakini eneo linalotumika si letu.

Mtu anaweza kusema Dar es Salaam ni ghali zaidi, kwa hiyo tukilinganishwa nayo tunafaidika. Kwa kumwona daktari na kwa kitanda, huenda. Kwa upasuaji si hivyo. Vifaa vya upasuaji, dawa za usingizi, vipuri vya mashine na fundi wa kuitengeneza hutoka huko huko Dar es Salaam na kusafiri zaidi ya kilomita 500. Mei 2024, wakati wa mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam na Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, na kila mtu wa kusini anakumbuka bidhaa zilivyopanda. Mtaalamu wa usingizi naye ni adimu hapa, na akiitwa usiku hutoza zaidi ya mwenzake wa mji mkubwa aliye kazini zamu ya kawaida. Gharama hizi ni za kawaida kwetu. Mfumo unaotazama bili za mahali pengine hauwezi kuziona.

Nirudi kwenye dai, kwa sababu halikuishia kwenye simu ile. Niliomba hospitali itupe ripoti ya upasuaji na karatasi ya usingizi, nikaviambatisha kwenye barua ya kuomba mapitio, na nikauliza swali moja kwa kila mstari: mmelinganisha na nini? Baada ya wiki kadhaa ikaja barua fupi. Kuhusu chumba cha upasuaji walisema dai liliingizwa kwenye kundi la upasuaji mdogo, kama ule wa kupasua jipu, na sasa limehamishiwa kundi lake. Zile 150,000 zikakubaliwa zote. Kwa kuwa mchango wa asilimia 10 unahesabiwa humo pia, akarudishiwa 135,000, na deni lake likashuka kutoka 788,000 hadi 653,000.

Naomba mlione hili kwa ukaribu. Halikuwa suala la bei hata kidogo. Karani alichagua kundi lisilo lake, mfumo ukalinganisha chumba cha upasuaji mkubwa na chumba cha kupasulia jipu, ukatoa tofauti, na tofauti ikapewa jina lile lile la gharama zilizozidi kawaida. Karatasi ya usingizi ilionyesha wazi kwamba mgonjwa alilazwa usingizi mzito, na hakuna upasuaji mdogo wa jipu wenye mtaalamu wa usingizi kwenye bili yake. Yeyote mwenye faili zima mbele yake angeliona. Lakini mgonjwa asiyeambiwa amelinganishwa na nini hana pa kuanzia kuuliza, na ndiyo maana wengi hulipa wakanyamaza. Kuhusu mistari mingine mitatu, barua ilisema tu kwamba kikomo kimezingatiwa.

Haya hayakuanzia Tanzania. Kifungu chenyewe kilitoka Marekani, na huko kilishawahi kufikishwa mbele ya mwanasheria mkuu wa jimbo. Kampuni nyingi za bima zilikuwa zikipata vikomo vyao kutoka kanzidata ya Ingenix, iliyokuwa mali ya UnitedHealth, kampuni kubwa ya bima. Yaani anayelipa ndiye aliyekuwa anapima kawaida ni kiasi gani. Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York wakati huo, Andrew Cuomo, alichunguza na kueleza kwamba vikomo vilikuwa chini ya bei za soko, kwa baadhi ya huduma hadi asilimia 28. Januari 2009 UnitedHealth ilikubali kutoa dola milioni 50 ili kuanzisha chombo huru cha kukusanya bei, kilichokuja kuitwa FAIR Health, na mgonjwa wa kawaida anaweza kuingia kwenye tovuti yake akaangalia makadirio ya bei za eneo lake kabla ya kutibiwa. Walibaki na kikomo. Walichobadilisha ni nani anayekipima na nani anayeruhusiwa kukiona.

Hapa kwetu pia tunao mfano. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya una kitita chenye bei zilizoandikwa, huduma kwa huduma. Machi 2024 kitita kipya kilipoanza, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wa NHIF zikisema bei ni ndogo. Wananchi walitaabika, na sitaki kurahisisha taabu hiyo. Lakini mabishano yale yaliwezekana kwa sababu bei zilikuwa zimewekwa mezani. Kila upande uliweza kunyoosha kidole kwenye mstari na kusema huu haufai. Sisi tulio kwenye bima za kampuni hatuna mstari wa kunyooshea kidole.

Ndugu Kamishna, ninachokuomba kipo ndani ya mamlaka ya ofisi yako. Agiza kwamba kampuni yoyote inayopunguza dai kwa sababu ya gharama za kawaida iandike, kwa kila mstari uliopunguzwa, imelinganisha na bili ngapi, za mikoa ipi, za miezi ipi, kwa kundi lipi la huduma, na imesimama asilimia ngapi. Ni sentensi moja kwa kila mstari. Hakuna siri ya biashara inayofichuka humo, kwa kuwa jina la hospitali wala la mgonjwa halihitajiki. Miezi naitaja makusudi, maana bili ya mwaka huu ikilinganishwa na za miaka miwili nyuma itaonekana imezidi hata kama hospitali haijaongeza kitu ila mfumuko wa bei.

Weka pia idadi ya chini ya bili. Pale ambapo bili za eneo hazifiki idadi hiyo, kampuni isiruhusiwe kukimbilia wastani wa nchi na kuuita wa eneo. Ipatane na hospitali husika kuhusu bei, au ilipe bili baada ya kukagua uhalali wa kila kilichofanyika. Kukagua kama dawa ilihitajika ni kazi halali ya bima na sitaipinga.

Na kwa dharura, kifungu hiki kisimguse mgonjwa. Kuna hoja ya haki katika kumwambia mtu aliyechagua hospitali ghali kwamba tofauti ni yake. Dada yetu hakuchagua. Alianzia hospitali ya kwenye orodha, na orodha ikamwangusha. Kampuni iliyoweka kwenye orodha hospitali isiyo na mpasuaji usiku ule ndiyo inayopaswa kubeba matokeo yake, imlipie kana kwamba ametibiwa ndani ya orodha, kisha ikapatane na hospitali kuhusu bei bila kumpitishia yeye.

Kwenu wakuu wa kampuni, hamhitaji kusubiri agizo. Mgonjwa anapopangiwa upasuaji usio wa dharura, kama ngiri au uvimbe, ana muda wa kuuliza. Mpeni kwa maandishi kiasi mtakacholipa kwa kila mstari wa makadirio ya hospitali, kabla ya siku ya upasuaji, na mkiheshimu. Akiona pengo, atazungumza na hospitali mapema, na mara nyingi hospitali hupunguza ikionyeshwa tarakimu kabla ya kazi. Baada ya kazi haipunguzi. Na mnapouza bima kwa wafanyakazi wetu, acheni kusema asilimia 90 bila kusema ni asilimia 90 ya kitu gani.

Hospitali nazo zina sehemu yao, ingawa barua hii si yao. Bili inayosema "upasuaji, jumla" kwa mstari mmoja haiwezi kulinganishwa na chochote, na huishia kukatwa kwa kubahatisha. Nimeanza kuwaomba hapa mjini watuandikie mstari kwa mstari na kuambatisha ripoti ya upasuaji tangu siku ya kwanza. Baadhi wamekubali.

Mkataba wetu wa bima unaisha mwezi Juni, na kamati ya wafanyakazi itakaa mwezi Mei kuamua kama tunahuisha au tunahama. Nimeshaandaa maswali matano ya kuipa kila kampuni itakayoleta bei: bili ngapi, mikoa ipi, miezi ipi, kundi lipi, asilimia ngapi. Kampuni itakayojibu kwa maandishi tutaifikiria hata kama ada yake iko juu kidogo. Lile dai la kidole tumbo nimeliwasilisha kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa mistari mitatu iliyobaki. Faili liko tayari, na mgonjwa ameridhia lifunguliwe na yeyote kutoka ofisi yako, Ndugu Kamishna, atakayetaka kuliona.

Wenu katika kazi,
Mtunza mafaili ya bima ya wafanyakazi, Mtwara Mjini